Hosteli Huuza Vitanda, Tena kwa Mihula Miwili Tu

Hotuba kwa wanachama wa chama cha akiba na mikopo, Mbale, Uganda

Mheshimiwa mwenyekiti, wajumbe wa kamati ya mikopo, wazee wetu, akina mama, na vijana mliokuja na kalkuleta zenu, asanteni kwa kunipa nafasi. Nimeombwa nizungumzie mpango wa kujenga hosteli ya wanafunzi upande wa Nkoma, mahali ambapo mtu anafika kwa miguu hadi lango la chuo. Sitasema kama biashara hii ni nzuri au mbaya. Nitaifungua hesabu yake mbele yenu, na mwishoni kila mmoja ataona ni mkopo wa kiasi gani jengo hili linaweza kuubeba.

Nianze na kosa linaloonekana katika karibu kila mpango wa hosteli unaoletwa mezani. Mwenye mpango huchukua idadi ya vyumba, akazidisha kwa kodi ya mwezi, kisha akazidisha kwa miezi 12. Hiyo ni hesabu ya nyumba ya kupangisha familia. Mwanafunzi halipi kwa mwezi na hakai mwaka mzima. Vyuo vyetu vina mihula miwili, na kila muhula una wiki 17 hivi, mitihani ikiwa humo ndani. Kuanzia mwishoni mwa Mei mpaka Agosti, jengo hubaki na wachache wa masomo ya likizo na wale wa mafunzo ya kazini waliopata nafasi mjini. Kwa hiyo bidhaa yenu ni kitanda kimoja kwa muhula mmoja. Chumba si bidhaa, na mwezi si kipimo. Hosteli ya vitanda 60 ina vitu 120 vya kuuza kwa mwaka, basi. Kitanda kilichokosa mtu muhula wa kwanza hakiuzwi tena. Hakuna ghala la kukihifadhi.

Sasa tujenge mfano tutakaotembea nao mpaka mwisho. Kiwanja ni kile cha kawaida, futi 50 kwa 100. Jengo lina sakafu tatu, na kila sakafu ina vyumba 10, jumla vyumba 30. Bei nitakazotaja ni za mfano. Nyinyi mtaweka bei za mtaa wenu, lakini njia ya hesabu ni hiyo hiyo.

Swali la kwanza ni mgawanyo wa vyumba: vingapi vya mtu mmoja, vingapi vya wawili, vingapi vya watatu. Wengi hulijibu kwa kutazama bei ya kitanda. Wanaona mwanafunzi wa chumba cha peke yake analipa nyingi, wanajaza jengo vyumba vya namna hiyo. Tazameni badala yake kila mita ya mraba ya sakafu inaleta nini, kwa sababu saruji na nondo mnazinunua kwa mita, hamzinunui kwa mwanafunzi.

Chumba cha watu wawili chenye mita 3 kwa 4 kina mita za mraba 12. Kila mmoja akilipa shilingi 600,000 kwa muhula, chumba kinaleta 1,200,000, yaani 100,000 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mtu mmoja chenye bafu na choo chake ndani kinahitaji mita 9 za kulala na kama mita 2.5 za bafu, jumla 11.5. Mkimtoza 900,000, mita moja inaleta 78,000 tu. Yaani yule anayeonekana kulipa vizuri kuliko wote ndiye anayewalipa kidogo kwa sakafu aliyokalia, na bado mmemjengea bomba, sinki, choo na vigae vyake peke yake. Ili chumba hicho kilingane na cha wawili, bei haina budi kufika 1,150,000, na kwa sababu ya gharama ya mabomba mimi ningeandika 1,200,000. Kama wazazi wa eneo lenu hawawezi bei hiyo, msijenge vyumba hivyo kwa ajili ya sifa ya jengo.

Chumba cha watu watatu, kwa mita zile zile 12, kina kitanda kimoja cha kawaida na deka moja, yaani kitanda juu ya kitanda. Kila mmoja akilipa 450,000, chumba kinaleta 1,350,000. Kwenye karatasi hicho ndicho mshindi. Lakini tazameni kwa makini: mtu wa tatu ameongeza 150,000 tu juu ya kile ambacho wawili wangeleta. Tena akiondoka mmoja kati ya hao watatu, chumba kinashuka hadi 900,000, chini ya chumba cha wawili kilichojaa. Ili chumba cha watatu kiwapite wenzake wa wawili waliojaa, inabidi vitanda vyake vijae karibu asilimia 90 muda wote. Mahali penye wanafunzi wengi wanaotafuta nafuu, vitajaa. Mahali ambapo mwanafunzi wa kipato kidogo anaweza kupata chumba cha kupanga mtaani na kupikia humo humo, vyumba vya watatu ndivyo vinavyobaki na mapengo.

Ndiyo maana ushauri wangu ni kujenga chumba cha kipimo kimoja, mita 3 kwa 4, na kukiandaa kiweze kubadilika. Wekeni soketi tatu badala ya mbili, na nafasi za makabati matatu ukutani, hata kama mnaanza na watu wawili. Mwaka ukionyesha uhitaji wa vitanda vya bei nafuu, mnaingiza deka siku moja. Uhitaji ukipungua, mnaitoa. Chumba chenye bafu ndani hakina ruhusa hiyo, kikishajengwa kimejengwa.

Kwa mfano wetu, basi, tunaweka vyumba 6 vya mtu mmoja, 18 vya wawili na 6 vya watatu. Hivyo ni vitanda 6, 36 na 18, jumla 60. Jengo likijaa kabisa, muhula mmoja unaleta milioni 36.9. Ukigawanya kwa vitanda 60 unapata wastani wa shilingi 615,000 kwa kitanda. Ikumbukeni namba hiyo ya 615,000, kwa sababu tutapimia kila kitu kwayo.

Neno moja kuhusu wavulana na wasichana. Jengo la ngazi moja ni gumu kuligawa. Mkisema sakafu ya juu ni ya wasichana, ngazi ni ile ile, na wazazi wa mabinti wanauliza hilo kabla ya kuuliza bei, hasa karibu na chuo cha Kiislamu kama hiki chetu. Chagueni jinsia moja kwa jengo zima, au jengeni ngazi mbili tangu kwenye ramani. Na mkiwa kwenye ramani, hakikisheni kibali cha ujenzi kinataja hosteli, kisiwe cha nyumba ya kuishi, ili msije mkazozana na manispaa mtakapoomba kibali cha kulitumia jengo.

Sasa tuje kwenye kujaa. Hapa ndipo mipango mingi inapojidanganya, kwa kuandika asilimia 95 tangu siku ya kwanza. Kuna mambo matatu yanayokula vitanda.

Jambo la kwanza ni muhula wa pili. Muhula wa kwanza wazazi wanalipa, mtoto ni mgeni, kila mtu anataka usalama. Ifikapo Januari kuna walioshindwa ada na kusimamisha masomo, kuna waliopata marafiki wakahamia mtaani kuchanga kodi, na kuna walioenda kufanya mazoezi ya kufundisha au ya hospitali mbali na hapa. Kwa hiyo msiandike namba moja ya mwaka. Andikeni mbili, na ya pili iwe ndogo. Katika mfano wetu, jengo likishazoeleka, yaani mwaka wa tatu, naandika vitanda 51 muhula wa kwanza na 47 muhula wa pili. Jumla ni vitanda 98 kati ya 120.

Jambo la pili ni nusu chumba. Mwanafunzi ameingia chumba cha wawili, mwenzake hakuja. Chumba kinahesabika kuwa na mtu, taa inawaka, lakini kinaleta nusu. Vyumba sita vya namna hiyo ni vitanda sita vilivyopotea huku meneja akiripoti kwamba vyumba vyote vina watu. Dawa yake inaandikwa kwenye mkataba kabla mtu hajaingia: ifikapo mwisho wa wiki ya tatu, aliyebaki peke yake atahamishiwa kwa mwenzake wa aina yake, au atalipa nyongeza abaki peke yake. Kama sharti hilo halimo kwenye mkataba, msijaribu kulileta katikati ya muhula. Mtapata ugomvi na mzazi atakuwa na haki.

Jambo la tatu ni kitanda kilichouzwa mara mbili, au kilichouzwa bila kuandikwa. Msimamizi akiruhusiwa kupokea pesa mkononi, kuna siku ripoti itasema kitanda 2B kiko wazi huku mtu analala humo. Zuieni hivi: pesa zote ziingie benki au kwenye namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la chama, risiti itaje namba ya kitanda na wala si ya chumba peke yake, na mjumbe mmoja wa kamati apite usiku mmoja wa wiki ya nne na orodha mkononi, akihesabu magodoro yaliyotandikwa. Godoro lililotandikwa halidanganyi.

Mtauliza, namba ya kujaa tutaipata wapi kabla hatujajenga? Msiwaulize wenye hosteli. Kila mmoja atasema kwake kumejaa. Nendeni wiki ya tano ya muhula wa pili, saa mbili usiku umeme ukiwepo, mzunguke hosteli zilizo karibu na lango na kuhesabu madirisha yenye taa na yasiyo na taa. Rudieni usiku mwingine. Baadhi watakuwa maktaba au msikitini, kwa hiyo mtapata picha yenye makosa madogo, lakini mkikuta theluthi moja ya madirisha ni giza usiku zote mbili, mmeshajua soko likoje. Halafu tazameni mabango ya nafasi wazi: yakiwa bado yametundikwa wiki hiyo, bei ya mtaa imezidi uwezo au vitanda vimezidi wanafunzi.

Na mkichagua kiwanja, tembeeni huko wakati wa mvua. Mbale inajua mafuriko ya Julai 2022 yalifanya nini kandokando ya mto Nabuyonga. Kiwanja cha bei ya chini bondeni kitawarudishia gharama hiyo kwa vyoo vinavyofurika.

Tuhesabu. Vitanda 98 mara 615,000 ni milioni 60.27. Toeni asilimia 4 ya wale ambao hawatamaliza kulipa, kwa sababu watakuwepo hata muwe wakali namna gani, na mnabaki na karibu milioni 57.9. Hayo ndiyo mapato ya mwaka wa tatu. Yule aliyezidisha vitanda 60 kwa mihula miwili bila kupunguza aliandika milioni 73.8. Tofauti ni karibu milioni 16, na benki haitamsamehe tofauti hiyo.

Sasa amana. Kuna pesa mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya kushikia nafasi: mwanafunzi analipa, tuseme 100,000, kitanda kinawekwa kwa jina lake, na pesa hiyo inakatwa kwenye ada ya muhula. Hiyo ni mapato yenu, na mkataba useme wazi kwamba asipokuja hairudi. Ya pili ni amana ya uharibifu, tuseme 100,000 nyingine. Hiyo si yenu. Ni deni. Vitanda 51 ni milioni 5.1 ambazo mwezi wa Mei zitadaiwa karibu zote kwa wiki moja, wakati ule ule ambao hakuna ada inayoingia. Mwenye hosteli aliyezitumia kumalizia rangi Septemba huanza kutafuta sababu za kukata: ukuta umechafuka, kitasa kimelegea. Wanafunzi wanaongea. Muhula unaofuata mnalipa uongo huo kwa vitanda vitupu.

Kwa hiyo fungueni akaunti ya pili ya amana peke yake, isiingie kwenye mapato ya mpango hata shilingi moja. Na siku ya kuingia, kila mwanafunzi ajaze fomu ya vitu vya chumba pamoja na msimamizi: kitanda, godoro na hali yake, kabati, funguo ngapi, vioo vya dirisha, wavu wa mbu, soketi, taa, bomba. Wote wawili watie sahihi, na msimamizi apige picha nne, moja kila kona, simu ikionyesha tarehe. Fomu ikijazwa wiki mbili baadaye haina maana tena. Kioo kilichovunjika hakina wa kumwuliza. Nyuma ya mlango kuwe na orodha ya bei za vitu: ufunguo kiasi gani, kioo kiasi gani, godoro kiasi gani. Hapo kukata amana kunakuwa hesabu tu. Kinachobaki kirudi kwa simu ndani ya siku 14, pamoja na ujumbe unaotaja kilichokatwa.

Kuna tabia moja naomba mwiepuke: kugawa uharibifu wa korido kwa amana za wote. Bomba la bafu la pamoja limevunjika, aliyelivunja hajulikani, basi kila mtu anakatwa 5,000. Mnapata laki mbili na nusu na kupoteza sifa. Vya pamoja vitengenezwe kwa fungu la matengenezo, na ndiyo kazi yake.

Pesa ya kushikia nafasi ina faida nyingine ambayo wengi hawaitumii. Waiteni wanafunzi wanaoendelea mwezi wa Aprili, kabla ya mitihani, walipe nafasi za mwaka unaofuata kwa bei ya sasa. Mwisho wa Mei mtajua ni vitanda vingapi vimebaki kwa wale wapya watakaopata barua za kujiunga katikati ya mwaka. Asiyefanya hivyo hujua hali ya jengo lake Agosti, wakati hawezi kufanya lolote.

Niende kwenye matengenezo, na hapa nitakaa kidogo. Katika hosteli, pesa haiharibiki kwa mambo makubwa. Inaharibika kwa maji na kwa umeme.

Tuanze na maji. Wekeni lita 50 kwa mtu kwa siku. Watu 51 ni lita 2,550, kwa hiyo tangi la lita 10,000 linawapa siku nne maji ya mji yakikatika, na hilo ndilo linalotenganisha hosteli ya heshima na ile ambayo wanafunzi wanabeba madumu. Vyoo na bafu za pamoja mkikadiria kimoja kwa watu 8, vitanda 54 visivyo na bafu ndani vinahitaji 7. Lakini kwa kuwa sakafu ni tatu, wekeni vitatu kila sakafu, viwe 9. Msongamano wa asubuhi ukipungua, uvunjaji nao unapungua. Mlango wa choo huvunjwa na foleni.

Kwa mfano wa bei ya shilingi 5,000 kwa yuniti, ambayo ni lita 1,000, bili ya mwaka kwa vitanda 98 vya siku 119 kila kimoja ni kama milioni 2.9. Hiyo ni kama hakuna kinachovuja. Na tangi la kusukumia maji chooni huvuja bila mtu kusikia: mpira wa chini umechakaa au boya limekwama, maji yanateremka ukutani mwa bakuli kama uzi. Namna ya kujua ni rahisi. Msimamizi asome mita saa sita usiku, watu wamelala, aisome tena saa kumi na moja kabla ya adhana. Lakini afunge kwanza koki inayojaza tangi kubwa, la sivyo atasoma maji ya tangi akayaita mvujo. Na kama vyoo vinakula kutoka tangi hilo, apime kina chake kwa kijiti badala ya mita. Tuseme zimepotea lita 300 kwa saa hizo tano. Hizo ni lita 1,440 kwa siku, na kwa muhula wa siku 119 ni yuniti 171, yaani shilingi 857,000. Choo kimoja au viwili vimekula kitanda kizima na zaidi, ilhali mpira wa kukibadilisha mnaununua kwa shilingi elfu chache tu. Kujua ni choo kipi, tieni rangi ya chakula kwenye tangi lake, subirini dakika 20 bila kukitumia, mtazame bakuli. Rangi ikishuka, mmekipata.

Kuziba ni jambo jingine. Katika hosteli ya wasichana, karibu kila mara bomba kuu likiziba kuna taulo za hedhi ndani. Bango la kukataza peke yake halisaidii. Wekeni ndoo yenye kifuniko katika kila choo na mfanyakazi aimwage kila siku. Na fundi aweke mifuniko ya kukagulia kila bomba linapokata kona, ili kuzibua kusiwe kuvunja sakafu.

Umeme sasa. Adui ni koili ya kupikia. Koili ya wati 1,500 kwa umeme wetu wa volti 240 inavuta ampea 6.25. Fundi wa kawaida hufunga soketi za vyumba vitano kwenye waya mmoja wa milimita za mraba 2.5 na breka ya ampea 20. Koili tano zikiwashwa saa moja jioni ni ampea 31. Breka inakata, korido nzima giza, kelele. Baada ya wiki ya kelele mtu fulani anabadilisha breka na kuweka ya 32. Kelele zinakwisha. Lakini sasa waya ndio dhaifu kuliko breka, unapata moto ndani ya ukuta, na soketi zinaanza kugeuka rangi ya kahawia. Mkiona soketi yenye kahawia au mkisikia harufu ya plastiki iliyoungua, hapo moto umeshaanza safari. Breka inayokata inafanya kazi yake. Tatizo ni mzigo.

Njia iliyo sawa ni kuipa kila chumba breka yake ya ampea 6 nje kwenye korido. Kompyuta, simu, taa na pasi ya wati 1,000 vitafanya kazi, lakini koili ya wati 1,500 ikiwashwa pamoja na pasi hiyo, breka itakata baada ya muda na itakata chumba hicho tu. Kisha mjenge jiko la pamoja kila sakafu lenye waya wake mnene, kwa sababu mkikataza kupika bila kuwapa pa kupikia, watapikia chini ya kitanda. Mita ya Yaka ya jiko, ile ya kulipia umeme kabla, iwe yake peke yake, ili mjue jiko linakula kiasi gani kabla ya kupanga ada ya muhula unaofuata. Tangu kampuni ya serikali ya UEDCL ichukue usambazaji wa umeme Aprili 2025, maombi ya mita mpya yanapelekwa kwao. Ombeni mapema, msisubiri rangi ikauke.

Mengine yapite haraka. Deka nunueni zenye viungo vya kufunga kwa bolti, kwa sababu zile za kuchomelea hupasuka pembeni na kuinyanyua kwenda kwa fundi ni kazi. Magodoro yafunikwe kwa kitambaa cha plastiki chenye zipu. Kubadilisha kitasa kuwe kazi ya nusu saa: nunueni aina moja kwa milango yote 30 na mweke vitatu stoo. Kazi ndogo zifanywe Desemba. Rangi, shimo la maji taka na magodoro vingoje Juni. Fungu la matengenezo liwe asilimia 10 ya mapato, na likibaki lisigawanywe, maana mwaka wa sita utakuja na paa na pampu.

Sasa tukusanye. Mishahara ya msimamizi, askari na msafishaji, kwa mfano wa 900,000 kwa mwezi, ni milioni 10.8, nayo inalipwa miezi 12 hata jengo likiwa tupu. Maji 2.9. Umeme wa pamoja 2.4, intaneti 2.4, takataka na gari la maji taka 1.8, matengenezo 5.8. Kodi ya mapato ya pango, kama jengo liko kwa jina la mtu binafsi, ni asilimia 12 ya mapato yote yaliyozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kutoa gharama; kwa mapato yetu ni kama milioni 6.6. Kampuni inahesabiwa kwa njia nyingine, kwa hiyo amueni jina la mwenye jengo pamoja na mhasibu kabla ya kuandikisha ardhi. Jumla ya matumizi ni karibu milioni 32.7. Kinachobaki ni milioni 25.

Hiyo milioni 25 ndiyo inayolipa mkopo, na isiende yote. Acheni nafasi: marejesho ya mwaka yasizidi kama milioni 18. Kwa riba ya asilimia 18 na muda wa miaka 5, kila milioni 100 inadai karibu milioni 31 kwa mwaka. Kwa hiyo jengo hili linabeba mkopo wa kama milioni 58. Gharama ya ujenzi iliyozidi hapo itoke kwenye akiba na hisa zenu.

Lakini hiyo ni hesabu ya mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza mkipata vitanda 33 muhula wa kwanza na 30 wa pili, mapato ni kama milioni 37, na baada ya matumizi mnabaki na milioni 10. Marejesho ni 18. Kuna pengo la milioni 8, na hakuna namna ya kuliziba kwa ukali wa kukusanya ada. Tena benki inataka kila mwezi, nanyi mnapokea Agosti na Januari. Kwa hiyo kabla ya mwenyekiti kutia sahihi barua ya mkopo, ombeni mambo mawili yaandikwe humo: marejesho yalipwe mara mbili kwa mwaka, Septemba na Februari, na mwaka wa kwanza mlipe riba peke yake, ile miaka 5 ya marejesho ikianza baada ya hapo. Riba ya milioni 58 kwa mwaka ni kama milioni 10.4, na hiyo jengo linaikaribia sana hata likiwa nusu tupu. Benki ikikataa yote mawili, wekeni milioni 8 kando kutoka kwenye mtaji kabla ya tofali la kwanza, au punguzeni sakafu moja kwenye ramani mwanze na vyumba 20.

Mwenyekiti, nimemaliza. Wenye maswali kuhusu ramani ya mabomba, fundi yuko hapa.